Deni Hili Lapanda kwa Kujumlisha au kwa Kuzidisha? Somo la Mifuatano ya Namba

Wapendwa wanavikundi, somo la safari hii lahitaji kalamu, daftari na simu yenye kikokotoo. Someni pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika kwenye karatasi kubwa ili wote waone. Tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni kutambua namba zilizopangwa mstari mmoja zinaenda kwa njia gani. La pili ni kupata namba iliyo mbali huko mbele bila kuandika zote za katikati. Mfano wetu ni kitu ambacho kila kikundi cha kuweka na kukopa kinakijua, nacho ni deni ambalo halijalipwa.

MADAFTARI MAWILI

Tuseme mwanachama amekopa shilingi 10,000. Riba ni asilimia 10 kila mwezi. Miezi inapita na hajalipa hata senti. Makarani wawili wanaandika deni lake, kila mmoja katika daftari lake. Namba ya kwanza ni deni la siku ya kukopa, ya pili ni deni baada ya mwezi mmoja, na kuendelea hivyo.

Daftari la kwanza: 10,000, 11,000, 12,000, 13,000
Daftari la pili: 10,000, 11,000, 12,100, 13,310

Makarani wote wawili walisikia maneno yale yale, "asilimia 10 kila mwezi", na hakuna aliyekosea kupiga hesabu. Yule wa kwanza alichukua asilimia 10 ya pesa zilizokopwa, yaani shilingi 1,000, akazidi kuongeza hiyo 1,000 kila mwezi. Yule wa pili alichukua asilimia 10 ya deni lote lililosimama mwezi huo, riba ya nyuma ikiwa ndani. Ndiyo maana mwezi wa pili yeye ana shilingi 100 zaidi. Hizo 100 ni riba ya ile riba ya 1,000.

Namba zilizopangwa kwa utaratibu namna hii huitwa mfuatano. Daftari la kwanza ni mfuatano wa kujumlisha, kwa sababu kutoka namba moja hadi nyingine unajumlisha kiasi kile kile. Daftari la pili ni mfuatano wa kuzidisha, kwa sababu kila namba unaizidisha kwa kiasi kile kile kupata inayofuata. Hapa kiasi hicho ni 1.1, yaani deni lote pamoja na sehemu yake moja ya kumi.

JINSI YA KUTAMBUA

Kuna vipimo viwili. Vifanye kwa utaratibu huu.

Kipimo cha kutoa: Chukua kila namba, utoe ile iliyo kabla yake. Katika daftari la kwanza, 11,000 kutoa 10,000 ni 1,000. Halafu 12,000 kutoa 11,000 ni 1,000, na 13,000 kutoa 12,000 ni 1,000. Jibu ni lile lile kila mara, basi ni mfuatano wa kujumlisha. Hiyo 1,000 twaiita tofauti.

Kipimo cha kugawanya: Kama majibu ya kutoa hayalingani, gawanya kila namba kwa ile iliyo kabla yake. Katika daftari la pili, kutoa kunaleta 1,000, kisha 1,100, kisha 1,210. Hayalingani. Sasa gawanya. 11,000 kwa 10,000 ni 1.1. 12,100 kwa 11,000 ni 1.1. 13,310 kwa 12,100 ni 1.1. Hapo umepata mfuatano wa kuzidisha, na hiyo 1.1 twaiita kizidishi.

Tazameni tena namba mbili za kwanza za madaftari yale. Zote ni 10,000 na 11,000. Mtu akikuonyesha hizo mbili peke yake, huwezi kujua deni linaenda kwa njia gani, hata uwe hodari namna gani. Namba mbili zina hatua moja tu, na hatua moja yaweza kuwa ya kujumlisha au ya kuzidisha. Namba ya tatu ndiyo inayosema ukweli, na ya nne inathibitisha.

Kwa hivyo ukienda kukopa mahali popote, usitosheke na "asilimia 10 kwa mwezi". Uliza, "Asilimia 10 ya nini?" Halafu omba uandikiwe namba tatu: deni la leo, deni baada ya mwezi mmoja kama sijalipa, na deni baada ya miezi miwili kama sijalipa. Fanya hivyo kabla ya kutia sahihi au kidole.

NAMBA YA NAFASI YOYOTE

Sasa tutafute deni baada ya mwaka mzima bila kuandika mistari yote. Hapa watu wengi hujikwaa, na si kwa sababu ya kuzidisha bali kwa sababu ya kuhesabu nafasi. Fikirini ua. Ukisimamisha nguzo 5 kwa mstari, nafasi za katikati ni 4. Nguzo 13 zina nafasi 12 katikati. Mfuatano ni hivyo hivyo. Namba ndizo nguzo, nazo hatua ziko katikati. Kufika namba ya 13 unapiga hatua 12, kwa sababu ile ya kwanza ulikuwa nayo tayari bila kupiga hatua yoyote. Hatua daima ni pungufu kwa moja kuliko nafasi.

Katika madaftari yetu, nafasi ya 1 ni siku ya kukopa. Mwisho wa mwezi wa 1 ni nafasi ya 2. Kwa hivyo mwisho wa mwezi wa 12 ni nafasi ya 13.

Tuandike kwa herufi, zile zile ambazo watoto wetu wa sekondari hukutana nazo vitabuni. Herufi a ni namba ya kwanza, d ni tofauti, r ni kizidishi, na n ni nafasi unayoitafuta.

Mfuatano wa kujumlisha, namba ya nafasi ya n:
a + (n − 1) × d

Mfuatano wa kuzidisha, namba ya nafasi ya n:
a × r^(n − 1)

Hiyo alama ^ inamaanisha r inazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nyingi kama hatua zilivyo. Kwa mfano 1.1^3 ni 1.1 × 1.1 × 1.1, nayo ni 1.331. Na (n − 1) ndizo zile hatua zetu za katikati ya nguzo.

Daftari la kwanza, nafasi ya 13:
10,000 + 12 × 1,000 = 22,000

Daftari la pili, nafasi ya 13:
10,000 × 1.1^12 = 31,384.28

Mkopo ni mmoja, asilimia ni ile ile, mwaka ni ule ule, lakini madaftari yameachana kwa shilingi 9,384.28. Tukiendelea hadi mwisho wa mwaka wa pili, nafasi ya 25, daftari la kwanza litasema 34,000 na la pili 98,497.33. Mwezi wa pili walitofautiana kwa shilingi 100 tu, ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka mapema.

KUFANYA 1.1^12 KWA SIMU NDOGO

Huhitaji kubonyeza 1.1 mara kumi na mbili. Zidisha mara tatu kwanza, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha tena.

1.1 × 1.1 × 1.1 = 1.331 (hatua 3)
1.331 × 1.331 = 1.771561 (hatua 6)
1.771561 × 1.771561 = 3.138428 (hatua 12)

Halafu zidisha kwa 10,000. Jambo la kuangalia ni moja: usikate namba katikati ya njia. Mtu akiona 1.331 ni ndefu akaandika 1.33, mwishoni atapata 31,290.07. Amepoteza zaidi ya shilingi 94 kwa kukata sehemu ndogo tu mwanzoni, kwa sababu kosa nalo limezidishwa kila hatua. Beba namba yote hadi mwisho, ndipo ukate senti.

Na mtu akisahau habari ya nguzo na nafasi, akapiga hatua 13 badala ya 12? Katika daftari la kwanza atapata 23,000, yaani amemzidishia mkopaji shilingi 1,000. Katika daftari la pili atapata 34,522.71, yaani amemzidishia shilingi 3,138.43. Kosa la kuhesabu ni lile lile, lakini katika mfuatano wa kuzidisha bei yake hupanda kadiri unavyokwenda mbali.

Njia rahisi ya kujikagua ni hii. Kabla ya kutumia kanuni kwa nafasi ya mbali, ijaribu kwa nafasi ya 1 na ya 2 ambazo unazijua. Ukiweka n = 1 ni lazima upate 10,000. Ukipata 11,000, jua umehesabu nguzo badala ya nafasi.

SWALI LA KURUDI NYUMA

Wakati mwingine namba unaijua, unachotafuta ni nafasi. Kwa mfano: deni litafika maradufu, 20,000, lini?

Katika daftari la kwanza, limebaki kupanda 10,000, na kila hatua ni 1,000. Gawanya, upate hatua 10. Basi ni mwisho wa mwezi wa 10.

Katika daftari la pili, kugawanya namna hiyo hakufai kwa sababu hatua hazilingani. Njia ya kikundi ni kujaribu. Hatua 7 zinaleta 19,487.17, bado kidogo. Hatua 8 zinaleta 21,435.89, limepita. Basi maradufu inapitwa katika mwezi wa 8.

Kwa mikopo ya benki, sheria imeweka mpaka wa kupanda huku. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika mwaka 2007, chasema kwamba mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba ambayo benki inadai isizidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Kikundi chenu kisitegemee mpaka huo. Kiandike wake chenyewe katika katiba, na kiandike pia kama riba ni ya pesa zilizokopwa au ya deni lililosimama.

NAMBA ZISIZO ZA UPANDE WOWOTE

Msifikiri kila mfuatano lazima uwe mmoja wa hii miwili. Turudi kwa mkopo ule ule wa 10,000, riba ikiwa ya deni lililosimama, lakini sasa mwanachama analipa shilingi 1,500 kila mwezi. Mwezi wa kwanza deni lapanda hadi 11,000, analipa 1,500, labaki 9,500. Ukiendelea utapata:

10,000, 9,500, 8,950, 8,345

Fanya kipimo cha kutoa. Deni lashuka kwa 500, kisha 550, kisha 605. Hailingani. Fanya kipimo cha kugawanya. Unapata 0.95, kisha kama 0.942, kisha kama 0.932. Hailingani pia. Basi mfuatano huu si wa kujumlisha wala si wa kuzidisha, na kanuni zetu mbili hazifai hapa. Mtu akiona 500 ya mwezi wa kwanza akasema, "Deni litaisha kwa miezi 20," amekosea, maana ametumia kanuni ya kujumlisha mahali pasipo pake. Deni hili huisha mapema, malipo ya mwisho yakiwa katika mwezi wa 12.

Lakini tazameni zile namba za kushuka zenyewe: 500, 550, 605. Gawanyeni 550 kwa 500, na 605 kwa 550. Zote ni 1.1. Deni lenyewe si la upande wowote, lakini hatua zake ni mfuatano wa kuzidisha. Kila pesa iliyopunguza deni mwezi uliopita imezuia riba yake mwezi huu, kwa hivyo malipo yale yale ya 1,500 yanakata zaidi kila mwezi.

Jambo la mwisho kuhusu vipimo. Daftari la kweli mara nyingi haliandiki senti. Ukigawanya ukapata 1.05, kisha 1.0501, kisha 1.0499, usikimbilie kusema si mfuatano wa kuzidisha. Tofauti ndogo namna hiyo, mara juu mara chini, yatoka kwa kukata senti. Lakini majibu yakienda upande mmoja tu, kama 0.95, 0.942, 0.932, hiyo si senti. Hapo utaratibu ni mwingine.

ZOEZI LA KIKUNDI

Gawanyikeni wawili wawili. Kwa kila mstari semeni kama ni wa kujumlisha, wa kuzidisha, au si wa upande wowote. Kisha tafuteni namba iliyoulizwa. Msitazame majibu kabla ya kuandika yenu.

1. Akiba ya mama mmoja kila wiki: 200, 350, 500, 650. Nafasi ya 12 ni ngapi?

2. Habari inapita kijijini, kila aliyeipata safari hii anapata watu wawili wa kuwaambia safari ijayo: 3, 6, 12, 24. Nafasi ya 8 ni ngapi?

3. Deni la tangi la maji, likilipwa kila mwezi bila riba: 48,000, 44,000, 40,000, 36,000. Nafasi ya 10 ni ngapi? Na sifuri iko nafasi gani?

4. 6,400, 3,200, 1,600, 800. Nafasi ya 7 ni ngapi?

5. 2, 6, 12, 20. Nafasi ya 10 ni ngapi?

6. Deni katika daftari lisiloandika senti: 5,000, 5,250, 5,513, 5,788. Nafasi ya 6 ni ngapi?

7. 500, 1,000. Namba ya tatu ni ipi?

MAJIBU

1. Wa kujumlisha. Tofauti ni 150. 200 + 11 × 150 = 1,850.

2. Wa kuzidisha. Kizidishi ni 2. 3 × 2^7 = 3 × 128 = 384. Aliyepata 768 amepiga hatua 8 badala ya 7.

3. Wa kujumlisha, ingawa unashuka, kwa sababu tofauti ni −4,000 kila mara. 48,000 − 9 × 4,000 = 12,000. Kufika sifuri ni hatua 12, kwa hivyo ni nafasi ya 13.

4. Wa kuzidisha, ingawa unashuka. Kizidishi ni nusu, 0.5. Hatua ni 6: 6,400, 3,200, 1,600, 800, 400, 200, 100. Jibu ni 100. Mfuatano huu unazidi kupungua lakini haufiki sifuri kamwe, tofauti na ule wa swali la 3.

5. Si wa upande wowote. Kutoa kunaleta 4, 6, 8. Kugawanya kunaleta 3, 2, kisha kama 1.67. Una utaratibu wake mwingine: 1 × 2, 2 × 3, 3 × 4, 4 × 5. Kwa hivyo nafasi ya 10 ni 10 × 11 = 110.

6. Wa kuzidisha, senti zikiwa zimekatwa. Kizidishi ni 1.05, yaani riba ya asilimia 5. 5,000 × 1.05^5 = 6,381.41. Anzeni na 5,000, si na 5,788, maana 5,788 imeshakatwa.

7. Haijulikani. Ikiwa ni kujumlisha ni 1,500, ikiwa ni kuzidisha ni 2,000. Aliyejibu moja tu bila kuuliza arudi kwenye sehemu ya madaftari mawili.

Mkimaliza, fungueni daftari la mikopo la kikundi chenu. Chagueni mkopo mmoja ambao miezi mitatu au zaidi imepita bila malipo, mfanye vipimo viwili juu ya namba zilizoandikwa humo. Halafu msome katiba yenu muone kama inasema yale yale ambayo karani ameandika. Ikiwa katiba imesema riba ni ya pesa zilizokopwa, na kipimo cha kugawanya kimelingana, basi kuna mwanachama anayedaiwa zaidi ya mlivyokubaliana, na daftari lirekebishwe kuanzia mwezi wa pili.